Saloni moja, macho manne: jinsi ya kupatanisha familia inayogombania mapambo ya nyumba

Mimi nashona rido hapa Lubumbashi. Kazi yangu inanipeleka ndani ya nyumba za watu nikiwa na futi ya kupimia mkononi, na mara nyingi kabla sijapima dirisha nakuta ugomvi umeshatangulia. Mama anataka hiki, mke wa mwanawe anataka kile, anayelipa amenyamaza. Nimejifunza kwamba rido yangu, hata ikishonwa vizuri namna gani, haitadumu dirishani kama walio ndani hawajakubaliana juu ya kuta zinazoizunguka. Ndiyo maana siku hizi naanza na watu, dirisha linafuata.

Nitaeleza njia ninayoitumia kupitia nyumba moja ya Katuba, kwa sababu humo karibu kila kosa linalowezekana lilitokea, na mengine niliyafanya mimi.

Nyumba ni ya matofali ya kuchoma. Saloni ina urefu wa mita 5 na upana wa mita 4, na kuta zina kimo cha mita 2.80. Ukiingia mlangoni, mbele yako, upande wa pili wa chumba, kuna ukuta mfupi wenye mlango mdogo wa kwenda korido ya vyumba vya kulala. Kushoto kuna ukuta mrefu wenye dirisha, kulia ukuta mrefu usio na kitu. Wanaoishi humo ni mama mjane, mwanawe, mke wa mwanawe na binti wa mwisho anayesoma. Mama alikuwa na kabati la vyombo la vioo, vitambaa vya kroshe juu ya kila fotei, maua ya plastiki, na picha ya Mamba Muntu iliyonunuliwa na marehemu mumewe. Mkamwana alitaka kuta nyeupe, meza isiyo na kitu juu yake, na nafasi ya kupumua. Mwana alitaka televisheni kubwa ukutani, basi. Binti alikuwa na mambo yake, nitayafikia.

Kwanza, tenga ugomvi wa macho na ugomvi wa moyo

Kabla ya kuhamisha kiti chochote, kaa na kila mtu peke yake kwa dakika 20. Mwambie ataje vitu vitatu tu ambavyo havigusiki: ama lazima viwepo, ama lazima visiwepo. Visizidi vitatu. Mtu akipewa nafasi ya kumi, atajaza kumi, na nusu yake ni hasira tu.

Ukishapata orodha zote, soma kila kitu na ujiulize sababu yake. Ipo inayotoka machoni: rangi hii inanichosha, vitambaa ni vingi mno. Ipo inayotoka moyoni: msiba, imani, heshima ya mkubwa. Ya macho unaweza kuigawa, kuipunguza, kuisogeza. Ya moyo haigawanyiki, na ukijaribu kuigawa utaumiza mtu.

Mfano ni ile Mamba Muntu. Wazee wa Katanga wanazijua picha hizo. Miaka ya 1970 zilitundikwa katika saloni nyingi za mji huu, mwanamke mwenye mkia wa samaki, mrembo, anayesemwa kuleta utajiri na kudai malipo yake. Kwa mama, ile picha ilikuwa mkono wa mumewe. Kwa mkamwana, mtu wa sala, ilikuwa kitu asichotaka kulala nacho chini ya paa moja. Aliniambia kwa sauti ya chini: "Mama mushonaji, ile picha minaiogopa." Hapo hakuna rangi ya kati. Ukiisogeza kutoka ukuta mmoja wa saloni kwenda mwingine, hujasaidia mtu.

Jambo la namna hiyo litoe kwenye mapambo na ulipeleke kwa anayeweza kulisema. Mwana alikwenda kwa mama yake peke yake, jioni, mkewe hayupo. Mama alikubali kuihamishia chumbani kwake, juu ya kitanda, kwa sharti moja: ukuta wa mbele wa saloni uwe na kitu cha marehemu. Mkamwana naye alikubali kwamba ndani ya chumba cha mama hana neno. Jambo hilo lilichukua siku nne. Rangi yote ilichukua siku tatu.

Na kama msiba bado ni mbichi, mwaka wa kwanza, ushauri wangu ni kuacha vitu vya marehemu pale vilipo. Pamba vyumba vingine.

Pili, gawa kwa macho, si kwa mita

Hapa ndipo nilipokosea. Watu wengi wanagawa saloni kama lupango: kona hii yako, kona ile yangu, mpaka katikati. Na mimi nilifanya hivyo. Nilimpa mama kona ya ndani kushoto, nikaweka fotei zake mbili, na ukutani nyuma yake nikapanga kabati lake na vitambaa vyake. Mkamwana nikampa upande wa kulia mkabala naye, meza ya kulia chakula na ukuta mtupu mweupe, kama alivyotaka. Kwenye karatasi ilionekana haki kabisa.

Baada ya wiki moja wote wawili walikuwa na uchungu zaidi ya mwanzo. Nilipofika, mama akaniambia: "Vitu vyangu viko mugongo. Miye niko naangalia ukuta kama wa hospitali." Na mkamwana, akila, alikuwa anatazama kabati na vitambaa kumi na viwili moja kwa moja. Kila mmoja alikuwa amekalishwa mbele ya eneo la mwenzake!

Kwa hiyo fanya hivi. Mkalishe kila mtu pale anapokaa kweli kila siku, wala si pale unapodhani atakaa. Simama nyuma ya kichwa chake na uandike anaona nini akiinua macho. Eneo la mtu ni kile anachokiona, na kilicho nyuma yake ni cha anayemtazama. Katika nyumba ile tulibadilishana: kabati la mama likaenda ukuta wa kulia, likimkabili. Mkamwana akakaa mezani mgongo wake ukiwa kwenye kabati, akitazama ukuta wa kushoto juu ya fotei za mama, na ukuta huo ukabaki mtupu, wenye rafu moja tu na mimea miwili. Hakuna aliyeongezewa hata sentimita moja, lakini malalamiko yalikwisha.

Televisheni ilikaa kwenye ukuta wa kulia, nusu iliyo karibu na mlango wa kuingilia, ikikabili fotei ndefu iliyo chini ya dirisha. Ifunge ili katikati yake iwe kimo cha macho ya mtu aliyekaa, kama sentimita 110 kutoka chini. Vijana wanapenda kuipandisha juu kama kwenye baa, kisha shingo zinauma na televisheni inatawala chumba chote hata ikiwa imezimwa.

Kuna ukuta mmoja ambao usimpe mtu yeyote: ule unaoonekana kwanza mlango ukifunguliwa. Huo ndio unaosema mbele ya mgeni nyumba hii ni ya nani, na ndiyo maana kila mtu anaupigania hata kama hajui. Weka sheria kwamba hakitundikwi kitu pale mpaka wote wakubali, hata kama utakaa mtupu mwezi mzima. Katuba walikubaliana vitu viwili: picha ya marehemu, na bamba la shaba la kufuliwa kwa nyundo alilopewa alipostaafu. Katikati ya picha tuliiweka sentimita 150 kutoka chini, kwa kuwa ukuta huo unatazamwa na mtu aliyesimama mlangoni. Kwenye ukuta unaotazamwa na waliokaa, shusha hadi 130.

Binti tulimpa korido. Kuta zake zote mbili, abandike picha za wenzake, taa ndogo, anachotaka. Mtoto wa mwisho akikosa mahali pake, atapigania saloni kimyakimya kwa kuacha vitu vyake juu ya kila meza.

Tatu, tafuta uzi wa pamoja usiokuwa wa mtu

Maeneo peke yake yanafanya saloni ionekane kama soko la mtaa wa Kenya hapa mjini: kila mtu na banda lake. Lazima kitu kimoja kizunguke chote. Kosa la kawaida ni kuchukua rangi anayoipenda mmoja na kuomba wengine waikubali. Hata ikiwa nzuri, ina mshindi. Kosa lingine ni kuchanganya za wote mpaka ipatikane ile rangi ya maziwa yaliyomwagika ambayo hakuna aliyeiomba.

Tafuta mada nje ya orodha zote, katika kitu kilichowatangulia. Mji huu unatupa bure. Jimbo lenyewe liliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997. Udongo wetu ni mwekundu, matofali yetu ni mekundu, na shaba ikiwa safi ina wekundu uleule. Malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari, nalo ni madini ya shaba. Kwa hiyo wekundu wa udongo, mng'ao wa shaba na kijani cha malakiti ni ndugu wa tumbo moja. Vikikaa chumba kimoja havigombani. Na pale tayari bamba la marehemu lilikuwa ukutani. Hakuna aliyeweza kusema mwenzake ameshinda.

Sasa ifanye mada ionekane. Nyumba zetu nyingi zina ukanda wa rangi ya mafuta chini ya kuta, mweusi zaidi ya juu, kwa sababu ya uchafu wa mikono na vumbi la kiangazi. Wapambaji wa kisasa wanaufuta. Mimi nasema uache, maana ndio uzi wenyewe. Tuliupaka wekundu wa udongo, kimo cha mita 1, kuzunguka saloni nzima bila kukatika, ukapita nyuma ya kabati la mama, chini ya televisheni, nyuma ya meza ya mkamwana. Juu yake tukapaka rangi moja ya maziwa, nyeupe isiyo kali. Mkamwana akapata weupe wake machoni, mama akapata ujoto wake chini, na vumbi jekundu la Julai likawa halionekani tena kama uchafu.

Hesabu ni rahisi. Mzunguko wa chumba ni mita 18. Toa milango miwili, zinabaki kama 16. Kwa kimo cha mita 1 ni mita za mraba 16, mara mikono miwili ya rangi ni 32. Lita moja inafunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini, kwa hiyo lita 4 zinatosha na akiba inabaki ya kuziba mikwaruzo. Ukuta wenye plasta mpya au mbaya unakunywa zaidi.

Kabla ya kupaka rangi ya maji juu, jua kilichopo chini yake. Lowesha kitambaa kwa spiriti, sugua sehemu iliyojificha. Rangi ikitoka kwenye kitambaa, ni ya maji; isipotoka, ni ya mafuta. Ikiwa ya mafuta, piga msasa mpaka mng'ao uishe, futa vumbi, paka rangi ya msingi, ndipo uendelee. Bila hivyo itabanduka kama ganda la ndizi, na katika nyumba yenye ugomvi, rangi ikibanduka lawama huenda kwa aliyeichagua, fundi haguswi.

Usichague wekundu kwenye kopo. Paka ubao wa sentimita 50 kwa 50, mikono miwili, uusimamishe kila ukuta asubuhi, mchana, na usiku. Usiku ujaribu chini ya taa ya kawaida, kisha chini ya ile nyeupe ya sola mnayowasha umeme ukikatika. Wekundu uleule unaweza kugeuka kahawia iliyokufa chini ya taa nyeupe. Tulikataa mmoja kwa sababu hiyo, na tulishukuru.

Nne, chagua kwa kukataa

Kwa vitu vya wote, hasa rido, sipigi kura. Kura katika familia inatengeneza kambi: watatu dhidi ya mama. Lakini pia kumwachia mama achague peke yake kwa kuwa ni mkubwa kunarudisha ugomvi mahali pake.

Nilileta vipande saba vya kikwembe, vyote vikiwa na wekundu au kijani ndani yake. Kila mmoja kati ya wanne aliondoa kimoja, bila kueleza sababu na bila kuulizwa. Vilibaki vitatu, ambavyo hakuna aliyevichukia. Mwisho mama, kama mkubwa, akachagua kimoja kati ya vile vitatu. Heshima yake ilikaa, na hakuna aliyelazimishwa kuishi na kitu kinachomuumiza macho. Anza na mdogo kuondoa na umalizie kwa mkubwa; ukianza na mkubwa, wadogo wataogopa kuonyesha wanalokataa.

Rido yenyewe niliishona hivi: kitambaa kikuu ni kitupu, rangi ya maziwa, na chini yake mkanda wa kikwembe wa sentimita 25. Dirisha lilikuwa mita 1.80, fimbo mita 2.40 ili rido ikifunguliwa isizibe mwanga. Upana wa kitambaa ni mara mbili ya fimbo, yaani mita 4.80, ukipunguza itaning'inia kama shuka. Kikwembe na kitambaa kikuu vyote vioshe kabla ya kukata. Vikisinyaa tofauti baada ya kushonwa, mkanda utakunja chini yote.

Vile vitambaa kumi na viwili vya mama? Havikutupwa. Vinne viko kwenye fotei zake na kabati, vinane vimekunjwa, anavibadilisha. Na kila eneo lina kitu kimoja kidogo cha kijani: mito miwili kwenye fotei ndefu, mimea ya mkamwana, na kijiboksi cha malakiti ndani ya kabati la mama. Zaidi ya hapo niliwakataza kuongeza kijani. Kikizidi, uzi unageuka kuwa kelele.

Tano, jaribu kabla ya msumari

Panga vitu vyote mahali pake bila kutoboa ukuta. Picha zishikilie kwa gundi ya karatasi au ziegemeze, kabati liwe pale, fotei pale. Kaeni hivyo wiki tatu, na Jumapili moja ya wageni iwemo ndani yake, kwa sababu mgeni akisema "Eeh, mumebadilisha!" ndipo utaona uso wa nani unashuka.

Katika wiki hizo tazama dalili. Kitu kinachorudi mahali pake pa zamani usiku, bila mtu kusema, kinakuambia kwamba aliyekihamisha hakukubali. Rido inayofungwa mchana kutwa, mtu anayeacha kukaa saloni na kula chumbani, kitambaa kinachoanza kusambaa fotei moja hadi ya pili: yote ni maneno. Na sikiliza sana neno hili, "Fanyeni tu munavyotaka." Wengi wanalipokea kama ruhusa. Mimi nikilisikia nasimamisha kazi siku hiyo, narudi kwa aliyelisema na orodha yake ya vitu vitatu, na tunatafuta kipi kimepotea. Katuba lilisemwa na mwana, ambaye wote tulidhani hana shida. Ilikuwa kwamba bamba la baba yake lilitundikwa na fundi wakati yeye yuko kazini. Tulilishusha, akalitundika kwa mikono yake Jumamosi.

Anayelipa asiwe na sauti zaidi kwa sababu analipa. Lisemwe hilo mapema, kabla pesa haijatoka.

Mwisho, andikeni kwenye karatasi moja mambo mawili tu: nani anafuta vumbi wapi, na kwamba ukuta wa mbele na ukanda wa chini havibadilishwi bila wote wanne kukaa. Ndani ya eneo lake, kila mtu abadilishe anavyopenda bila kuomba. Karatasi yao iko nyuma ya mlango wa kabati. Bamba la shaba ni kazi ya binti: kila baada ya miezi miwili analishusha, analisugua kwa limau na chumvi, analisuuza vizuri na kulikausha kabisa kabla ya kulirudisha, kwa maana unyevu ukibaki nyuma yake utaacha mstari wa kijani kwenye rangi ya maziwa. Kama bamba lenu limepakwa vanishi, limau lisiguse, kitambaa kikavu kinatosha.